Kutoka tasnifu ya uuguzi hadi makala ya jarida: uanzie wapi, utume wapi, na wahakiki uwajibu vipi

*Swali: Nilitetea tasnifu yangu ya uzamili ya uuguzi mwaka jana. Nilipima maarifa na utendaji wa wauguzi katika kuzuia vidonda vya mgandamizo, wauguzi 214 kutoka hospitali tatu zenye wauguzi 430. Nilitumia dodoso la PUKAT lenye maswali 26. Waliofikisha asilimia 60 walikuwa 58. Tasnifu ina kurasa 118. Niliifupisha nikaituma kwenye jarida moja, ikarudi baada ya siku nne bila kuhakikiwa. Sasa jarida jingine limeniandikia barua pepe, linaahidi kunichapishia ndani ya wiki moja kwa dola 150. Nikubali? Na nikipata jarida la kweli, maoni ya wahakiki yanajibiwaje? – Muuguzi, Dodoma*

Hiyo barua ya dola 150 usiijibu. Jarida ambalo halijaisoma kazi yako haliwezi kukuahidi kuichapisha, wala wahakiki wawili hawapatikani, wakasoma, wakaandika maoni na wewe ukarekebisha, vyote ndani ya wiki moja. Hasara kubwa si hizo dola. Makala ikishawekwa kwenye tovuti yao, majarida ya kweli yataihesabu kuwa imeshachapishwa na hayataipokea, na ukiomba waiondoe kuna wanaodai malipo mengine kwa kuiondoa. Ukitaka kulikagua jarida lolote, chukua namba yake ya ISSN, usitumie jina, kwa sababu majina huigwa. Itafute namba hiyo kwenye doaj.org kama jarida ni la wazi, yaani linasomwa na yeyote bila kulipia, na kwenye NLM Catalog, ambako rekodi ya jarida hueleza kama limeorodheshwa MEDLINE. Kisha fungua ukurasa wa wahariri, chagua majina mawili, na uangalie kama kurasa zao kwenye vyuo vyao zinalitaja jarida hilo.

Sasa turudi kwenye zile siku nne. Makala inayorudi haraka hivyo imesomwa na mhariri peke yake, na huenda hakupita kichwa, ikisiri na barua yako ya kuiwasilisha. Tasnifu iliyofupishwa hujulikana mara moja: inaanza na hali ya tatizo duniani, ikashuka Afrika, ikaja Tanzania, ina sehemu ya fasili za maneno, ina malengo mahususi matatu yaliyopangwa kama ngazi, na matokeo yake yana jedwali kwa kila swali la dodoso. Tasnifu iliandikwa ili mtahini aone kwamba unajua kufanya utafiti. Msomaji wa jarida hilo halimhusu. Anataka jambo moja ambalo hakulijua jana.

Kwa hiyo usifupishe. Anza upya, na uanzie kwenye majedwali, si kwenye sura ya kwanza. Chapisha majedwali yote ya sura ya nne, yatandaze mezani, na ujiulize ni swali gani moja yanalijibu vizuri kuliko mengine. Kwa data yako naona swali hili: je, wauguzi wa hospitali hizi wanajua vya kutosha kuzuia vidonda vya mgandamizo, na ni wauguzi gani wanaopungukiwa? Majedwali matatu au manne yanayojibu hilo ndiyo makala. Utendaji, kwa kuwa wauguzi walijieleza wenyewe na hakuna aliyewaangalia wakimgeuza mgonjwa, uwe tokeo la pili ndani ya makala hiyo hiyo. Usishawishike kutoa makala moja ya maarifa na nyingine ya utendaji. Ni watu wale wale, dodoso moja, siku moja. Wahariri huita hiyo kukatakata utafiti, na makala ya pili ikigundulika inaweza kufutwa.

Ukishapata swali, chagua jarida kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, maana kila jarida lina kipimo chake cha maneno na mpangilio wake wa ikisiri. BMC Nursing, kwa mfano, huruhusu ikisiri ya hadi maneno 350 yenye vichwa vidogo. Njia rahisi ya kupata majina ni orodha ya marejeo ya tasnifu yako: hesabu ni majarida gani yanajirudia zaidi. Humo ndimo wanamoandika watu utakaozungumza nao. Kwa mada yako kuna makundi matatu. Yapo ya uuguzi kwa jumla, kama BMC Nursing au International Journal of Africa Nursing Sciences. Yapo ya vidonda na ngozi, kama Journal of Tissue Viability. Na yapo ya nyumbani, kama Tanzania Journal of Health Research linalotolewa na NIMR. Fungua matoleo ya miaka miwili ya karibuni ya kila moja. Kama jarida halijachapisha hata utafiti mmoja wa dodoso kutoka hospitali za Afrika Mashariki, usibishane na ushahidi huo. Hamia kwa linalofuata.

Halafu ada. Jarida la wazi kabisa mara nyingi humtoza mwandishi, na kwa wachapishaji wakubwa ada hiyo hufika maelfu ya dola. Hapa wengi wanakosea kwa kudhani Mtanzania husamehewa kila mahali. Baadhi ya wachapishaji hufuata orodha ya Research4Life, ambamo Tanzania imo kundi A, na kwao husamehewa. Wengine hufuata madaraja ya Benki ya Dunia, na Tanzania ilipanda daraja la kipato cha kati cha chini Julai 2020, kwa hiyo kwao unaweza kupata punguzo badala ya msamaha. Soma ukurasa wa ada wa jarida lenyewe, na uombe msamaha wakati wa kuwasilisha. Ukingoja hadi makala ikubaliwe, maombi mengi hukataliwa. Usisahau pia kwamba yapo majarida ya mchanganyiko, ambapo ukichagua njia ya kawaida ya wasomaji kulipia, wewe hulipi chochote. Makala yako haitakuwa wazi kwa kila mtu siku ile ile, lakini majarida mengi ya namna hiyo hukuruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya chuo baada ya muda fulani.

Kabla ya kutuma, chukua cheti chako cha maadili na usome masharti yaliyochapwa chini ya namba. Vyeti vinavyotolewa na NIMR huwa na sharti la kuomba kibali cha kuchapisha matokeo, na watu hulikumbuka wakati makala imeshakubaliwa. Na kaa na wasimamizi wako mkubaliane majina. Kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, zinataka kila mwandishi awe ametoa mchango mkubwa katika wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kuihakiki rasimu kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja. Msimamizi aliyekuongoza anastahili, mradi aisome na kuirekebisha rasimu. Mganga mfawidhi aliyekuruhusu kuingia wodini anastahili shukrani, mwishoni mwa makala.

Kuandika kwenyewe sitakukalisha sana. Lenga maneno 3,000 hadi 3,500: utangulizi wa aya tatu tu, mbinu kama maneno 900, matokeo 700, na yanayobaki mjadala. Aya ya tatu ya utangulizi iseme wazi ni pengo gani unaliziba, na isiwe "hakuna utafiti uliofanyika Dodoma." Mkoa kutofanyiwa utafiti si pengo la maarifa. Mbinu ndiyo sehemu ambayo tasnifu huwa ndefu na bado ina matundu. Pakua STROBE, orodha ya mambo ambayo ripoti ya utafiti kama wako inapaswa kuyataja, yenye vipengele 22, na uweke namba ya ukurasa mbele ya kila kipengele. Pale utakaposhindwa kuweka namba, umeliona tundu. Mara nyingi ni tarehe za kukusanya data, namna wauguzi walivyoteuliwa ndani ya kila hospitali, na njia ya hesabu kutoka watu wote hadi sampuli. Yako inaweza kuandikwa kwa sentensi mbili: ukianza na 384 ya kanuni ya kawaida na kuirekebisha kwa kundi la watu 430, unapata 204, ukiongeza sehemu ya kumi kwa wasiojibu, madodoso 225. Kama ndivyo ulivyogawa, 214 yaliyorudi ni asilimia 95. Mhakiki akiyaona hayo hakuulizi tena.

Na popote SPSS ilipokuandikia p = 0.000, wewe andika p < 0.001. Uwezekano haufiki sifuri. Programu imekata tarakimu tu.

Kuna jambo moja katika data yako linalostahili muda zaidi, kwa sababu ndilo litakalorudi kwenye barua ya wahakiki. Waliofaulu ni 58 kati ya 214, yaani asilimia 27. Tasnifu nyingi za namna hii huweka kila kigezo kwenye rigresheni ya lojistiki: umri, jinsia, elimu, miaka kazini, wodi, mafunzo kazini, cheo, hospitali, idadi ya wagonjwa kwa zamu. Hivyo ni tisa. Kanuni ya makadirio inayotumiwa sana inataka angalau watu kumi wa kundi dogo kwa kila kigezo, na 58 hawabebi zaidi ya vitano. Ukizidisha, mfano wa takwimu unaanza kuyumba, na dalili yake unaiona kwa macho: uwiano wa odi unakuwa mkubwa ajabu na masafa yake ya uhakika yanatanuka. Ukikuta wenye shahada wana uwiano wa 6.8, na masafa ya asilimia 95 yanatoka 1.1 hadi 41.3, usiandike kwamba shahada huongeza maarifa karibu mara saba. Huenda wenye shahada walikuwa kumi na mmoja tu. Takwimu hiyo inasema "pengine kidogo, pengine sana, hatujui."

Dawa ipo ndani ya data ile ile. Badala ya kuwagawa wauguzi kuwa waliofaulu na walioshindwa, tumia alama zenyewe, sifuri hadi 26, kwenye rigresheni ya mstari. Sasa wauguzi wote 214 wanachangia, vigezo tisa vinabebeka, na mtu mwenye alama 15 hahesabiwi sawa na mwenye alama 4. Hakikisha tu mabaki ya mfano yametawanyika vizuri, na kwa kuwa wauguzi wanatoka hospitali tatu, acha hospitali ibaki kuwa kigezo. Ndiyo, uchambuzi utatofautiana na uliomo kwenye tasnifu. Inaruhusiwa. Mweleze msimamizi, na kwenye mbinu useme ni uchambuzi uliofanywa baada ya tasnifu na kwa nini.

Barua ya kuwasilisha isizidi ukurasa mmoja, na iwe na sentensi inayosema kwamba kazi inatokana na tasnifu iliyowekwa kwenye hazina ya chuo. Programu ya kupima ufanano itaiona tasnifu hiyo na kuonyesha asilimia kubwa. Mhariri aliyeambiwa mapema anajua cha kufanya, asiyeambiwa anaweza kukushuku wizi. Tuma kwa jarida moja kwa wakati mmoja.

Tuseme imepita, na baada ya miezi kadhaa umeandikiwa *Major revision*. Hiyo ni habari njema: mhariri hapotezi muda kuomba marekebisho ya kazi asiyoitaka. Nakili barua yote kwenye faili jipya na ukate maoni vipande, kila kipande na namba yake: 1.1, 1.2, 2.1. Aya moja ya mhakiki huwa na maswali matatu ndani yake, na lile la katikati ndilo linalosahaulika. Chini ya kila kipande weka vitu viwili: jibu lako, kisha maneno mapya yaliyoingia kwenye makala pamoja na namba za mistari. Majibu utayaandika kwa Kiingereza kama jarida linavyotaka. Hapa nayaweka kwa lugha yetu ili uone sura yake.

> 1.1 Kwa nini asilimia 60 ndiyo mpaka wa maarifa ya kutosha?
>
> Jibu: Tunashukuru kwa swali hili. Asilimia 60 (alama 16 kati ya 26) ni mpaka uliotumiwa na tafiti nyingine zilizotumia dodoso hili, na tumeubakiza ili matokeo yalinganishike. Hata hivyo tunakubali kwamba mpaka wowote hupoteza taarifa. Kwa hiyo uchambuzi mkuu sasa unatumia alama zenyewe kwa rigresheni ya mstari, na asilimia ya waliofikia mpaka imebaki kama maelezo tu.
>
> Mabadiliko: Mbinu, mistari 148–156, Jedwali la 3 limebadilishwa lote.

Angalia kwamba jibu limetaja alama 16. Asilimia 60 ya 26 ni 15.6, na mhakiki makini atataka kujua ulipandisha au ulishusha. Angalia pia kwamba halikusema "tumefanyia kazi." Maneno hayo humlazimisha mhakiki afungue makala na kutafuta mwenyewe, na mtu anayetafuta huona na mengine.

Yapo maoni ambayo huwezi kuyatibu. Mhakiki atasema utendaji wa kujieleza si utendaji. Ni kweli, na data hazirudi nyuma. Kubali bila kujikunyata, badilisha maneno kila mahali, kichwa kikiwemo, yasomeke "utendaji walioueleza wenyewe", na kwenye mipaka ya utafiti usiishie kusema "kuna uwezekano wa upendeleo." Sema unaelekea upande gani: wauguzi huelekea kujipa alama za juu, kwa hiyo utendaji halisi huenda uko chini ya uliouripoti. Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko aya nzima ya kuomba radhi.

Na yapo utakayoyakataa. Mfano wa kweli wa aina hii ni mhakiki anayetaka uongeze idadi ya wagonjwa waliopata vidonda katika hospitali hizo.

> 2.4 Waandishi waonyeshe kama maarifa duni yaliongeza vidonda.
>
> Jibu: Tunakubali kwamba hilo ndilo swali muhimu linalofuata. Utafiti wetu ulipima wauguzi mara moja na haukukusanya taarifa za wagonjwa. Kibali chetu cha maadili pia hakikuhusu majalada yao. Hatukuongeza uchambuzi huo, lakini tumeondoa sentensi mbili za mjadala zilizoashiria uhusiano wa chanzo na matokeo.
>
> Mabadiliko: Mjadala, mistari 301–304 na 322.

Umekataa ombi, ila umempa kitu: pengine ni zile sentensi zako mbili zilizomfanya aulize. Wahakiki wawili wakipingana, mmoja akitaka utangulizi mrefu na mwingine mfupi, fuata unaloona sawa na umweleze mhariri kwenye barua ya juu, maana yeye ndiye mwamuzi. Mhakiki akikutajia makala tano za kurejea zenye mwandishi mmoja, zisome. Rejea inayohusika kweli, na kwa zilizobaki sema kwa adabu kwamba hazikugusa mada. Mhariri anaielewa sana hali hiyo.

Rudisha mafaili matatu: majibu, makala yenye alama za mabadiliko, na makala safi. Namba za mistari zitoke kwenye faili moja, na useme ni lipi, kwa sababu makala yenye alama huhesabu mistari tofauti na ile safi. Muda uliopewa ukielekea kwisha, omba nyongeza kabla ya tarehe; mfumo ukishafunga, makala inaweza kuhesabiwa kama mpya na kurudi mwanzo wa foleni.

Ikikataliwa baada ya kuhakikiwa, usiihamishie jarida lingine jioni hiyo hiyo kama ilivyo. Wanaojua vidonda vya mgandamizo si wengi, na jarida la pili linaweza kumpelekea mhakiki yule yule, akakuta makosa aliyoyaonyesha bado yako palepale. Rufaa andika pale tu unapoweza kuonyesha kosa la wazi, kwa mfano mhakiki amesema hukutaja kibali cha maadili na namba yake iko mstari wa 171.

Kwa wiki hii basi: chapisha majedwali ya sura ya nne, na umtafute aliyekusaidia takwimu muendeshe ile rigresheni ya mstari kwa wote 214. Jarida utalichagua vizuri zaidi ukishajua Jedwali la 3 linasema nini.